Modeli imefaulu upatanisho wa ngeli, tuamini?

"Wakuu, nimeipima modeli ya lugha kwa jozi za sentensi za Kiswahili, moja sahihi moja imekosewa, imechagua sahihi karibu zote. Naweza kusema inajua sarufi?"

Inategemea jozi zako zikoje mkuu. Kama nyingi ni za aina ya "kitabu kimepotea / kitabu wamepotea" basi hujapima kitu kikubwa, maana modeli ikishazoea tu kwamba ki- mwanzoni huvuta ki- mbele inafaulu bila kujua ngeli wala nini.

Mimi siku hizi natumia jozi mbili kwa pamoja, kitenzi kilekile:

Kivuko kimechelewa / Kivuko amechelewa
Kinyozi amechelewa / Kinyozi kimechelewa

Nomino zote zinaanza na ki- ila kinyozi ni mtu so anachukua a-. Modeli inayonakili kiambishi inapata ya kivuko inaangukia kwa kinyozi, na ile inayopenda tu "amechelewa" kwa sababu imeliona mara nyingi (au tokenaiza hailikati vipande vingi, na alama ni jumla ya logi za uwezekano wa kila tokeni) inafanya kinyume chake. Sasa mpe pointi akipata zote mbili tu. Anayebahatisha hapo anapata 25% badala ya 50%. Modeli ndogo niliyokuwa naichezea ilikuwa inang'aa kwenye vitabu na viti, ilipofika kwa vinyozi na viziwi ikaanza kuyumba, "kijana" ikapata lakini hilo neno liko kila mahali hata kukariri kunatosha.

Ukimaliza hapo weka nomino ya kupotosha katikati, "kivuko cha wavuvi kimechelewa / wamechelewa". Hii mbinu mtafiti Linzen na wenzake waliifanya kwa Kiingereza 2016, na BLiMP ya 2020, kipimo cha sarufi ya Kiingereza cha jozi kama hizi, ina seti 67 za jozi 1000 kila moja, zimetengenezwa kwa templeti. Templeti kwetu uwe makini nazo sana. Yangu ilinitolea "kiboko huyu / kiboko hiki" eti ya pili ni kosa, wakati kiboko cha kuchapia ni hiki kabisa! Vifaru nao hivyohivyo, wa mbugani wamekufa, vya jeshi vimeharibika. Kwa hiyo mtu asome jozi zote kabla, na ajue pia kwamba mtandaoni watu wanaandika "kitabu yangu imepotea" kila siku, modeli ikiipenda hiyo imejifunza vizuri tu, ila Kiswahili cha mtaani.

Halafu hata akipata zote, umeonyesha kwamba kati ya sentensi mbili anaona moja ina uwezekano zaidi, basi. Zote mbili zinaweza kuwa na uwezekano mdogo sana kwake, na ukimwacha aandike mwenyewe aya nzima akachapia ngeli sentensi ya tatu. Hilo ulipime kivyake, mpe "Kivuko cha wavuvi wa Mafia" aendelee, uangalie anaandika nini.