Following au ule wa kawaida?

"Wakuu, Instagram nitumie Following au niache ukurasa wa kawaida? Sitaki kupitwa na habari za majirani."

Kwa majirani, Following, inayoonyesha posti za unaowafuata kwa mpangilio wa saa. Ule wa kawaida haufuati saa, unakisia utagusa nini. Jirani ambaye humpi laiki wala humwandikii anashuka chini, kwa hiyo tangazo lake la msiba unaweza kulikuta watu wameshazika. Gusa neno Instagram pale juu, chagua Following, na posti mpya zitatangulia.

Ila wanaosema kwamba Following haifichi kitu wana nusu ya ukweli. Inafukia. Nafuata duka la mitumba linaloposti viatu ishirini kila asubuhi; dada yangu akiposti saa kumi na mbili, mimi nikifungua saa nne, yuko chini ya viatu vyote. Nimemweka kwenye Favorites, orodha ya unaotaka kuwaona kwanza, inayochukua hadi akaunti 50. Na fundi mpya wa mtaani usiyemfuata, kwenye Following hutamwona kabisa; huyo ukurasa wa kawaida ndio ungemleta.

Kumbuka pia, ukifunga na kufungua upya unarudishwa kwenye ule ukurasa wa kawaida, itabidi uchague tena.