Chanjo za mama mjamzito: maswali kutoka Mombasa

*Nimeanza kliniki Likoni nikiwa na ujauzito wa wiki 30, wa kwanza. Je, nimechelewa kupata sindano ya pepopunda?*

Hujachelewa, dada yangu, ila usipoteze hata wiki moja. Kwa mama ambaye hajawahi kuchanjwa, sindano ya kwanza hutolewa siku anapofika kliniki, na ya pili baada ya wiki 4 au zaidi, lakini isiwe chini ya wiki 2 kabla ya kujifungua. Ukidungwa leo, ya pili itakuwa wiki ya 34, na hata uchungu ukianza wiki ya 37 utakuwa umebakiwa na wiki 3. Muda huo unahitajika kwa sababu sindano ya kwanza huuzindua mwili tu, na ile ya pili ndiyo inayoufanya utengeneze kingamwili nyingi, ambazo hupita kwenye kondo la nyuma na kumwingia mtoto kabla hajazaliwa. Chanjo hiyo haina kijidudu hai. Ina sumu ya pepopunda iliyoondolewa makali.

*Nilidungwa mbili katika mimba iliyopita, miaka miwili nyuma. Kwa nini naambiwa tena?*

Sindano mbili za mwanzo hukinga kwa takriban miaka 3. Safari hii utapata moja tu, ya tatu, ambayo huongeza kinga hadi miaka 5 hivi. Ya nne na ya tano hufuata kwa kupishana mwaka mmoja au zaidi, na baada ya tano unakuwa umekingwa kwa miaka yote ya uzazi. Ndiyo maana nasisitiza kijitabu cha kliniki kisitupwe baada ya kujifungua.

*Mama mkwe hupaka majivu kitovuni. Kama nimechanjwa, kuna ubaya?*

Upo. Mbegu za pepopunda huishi kwenye udongo na samadi, na kidonda cha kitovu ndicho mlango wake. Chanjo haizuii vijidudu vingine vinavyopitia hapo. Kitovu kikatwe kwa wembe mpya, kiachwe safi na kikavu, na kipakwe tu dawa iliyotolewa na muuguzi. Mwelezeni mama kwa heshima dalili yenyewe: mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri siku 2 za kwanza anaacha kunyonya kati ya siku ya 3 na ya 28, taya linakaza, mwili unakakamaa akiguswa au akisikia kelele. Huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

*Na chanjo nyingine?*

Ya mafua inafaa wakati wowote wa ujauzito, na ina uzito wake, kwa kuwa mtoto hawezi kuchanjwa mafua kabla ya miezi 6. Sindano ya kliniki hukinga pepopunda na dondakoo, si kifaduro. Mtoto ataanza kuchanjwa kifaduro akiwa na wiki 6. Chanjo za vijidudu hai, kama ya surua na rubela, zisubiri mpaka ujifungue.