Mnaobaki, na wewe unayepokea filimbi: hesabu ya watoto kambini ziwani

Wapendwa skauti wangu, na wewe mdogo wangu unayechukua uongozi kuanzia wiki hii: mengi tumeshayamaliza kwenye makabidhiano. Daftari la mahudhurio, barua za wazazi, mahema na ufunguo wa stoo vyote viko kwako. Kambi ya likizo itakuwa ufukweni tena, na nyinyi mlioingia mwaka huu hamjawahi kulala kando ya ziwa pamoja nasi, kwa hiyo nataka kuzungumzia jambo moja tu: muda wa watoto kuwa majini.

Anza kabla ya safari. Kwenye barua ya mzazi, muulize waziwazi kama mtoto ana kifafa au pumu, na kama anajua kuogelea. Mtoto mwenye kifafa haingii majini bila mtu mzima kumsimamia hatua kwa hatua. Jibu la "anajua kidogo" lichukue kama hajui.

Mkifika, viongozi wa patroli wakague ufukwe pamoja nawe. Tafuteni sehemu yenye mchanga na isiyo na magugu, kisha waulizeni wavuvi wa hapo kuhusu viboko na mamba. Wao ndio wanaojua. Eneo la kuogea liwekeeni mpaka kwa kamba na madumu matupu, na maji yasizidi kifua cha mtoto mfupi kuliko wote. Konokono wa kichocho hupenda maji tulivu yenye majani, lakini hata maji yanayoonekana safi kabisa yanaweza kuwa na vijidudu vyake. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kwa hiyo muda wa majini uwe mfupi, na mafunzo marefu ya kuogelea yafanyike kwenye bwawa la kuogelea pale inapowezekana. Baada ya wiki sita hivi wazazi wawapeleke watoto kupima, kwa kuwa dawa haiui vizuri minyoo ikiwa bado michanga. Kichocho cha ziwani kwetu hasa ni cha tumbo, hivyo wasisubiri kuona mkojo wenye damu.

Sasa hesabu yenyewe. Tuseme mna watoto 32, yaani patroli nne za watoto wanane. Kila mtoto apewe mwenza mwenye uwezo unaolingana na wake majini. Jozi ni 16. Ubaoni pawe na kipande chenye jina la kila mmoja. Anayeingia anageuza kipande chake upande mwekundu, anayetoka anakirudisha. Kila dakika kumi unapuliza filimbi mara moja: jozi zinashikana mikono na kuinyoosha juu, kila kiongozi wa patroli anahesabu zake nne, anakupazia sauti, nawe unajumlisha. Walio nje wanasomwa ubaoni.

Hapo ndipo kazi yako ilipo, mdogo wangu. Ukiwahesabu watoto wote 32 peke yako utachelewa, na viongozi wa patroli watazoea kutazama tu. Wewe hesabu viongozi wanne, wao wahesabu watu wao.

Kambi moja, hesabu ya patroli moja ilitoka jozi tatu badala ya nne. Filimbi ikapulizwa mara tatu, wote wakatoka majini na kusimama kwa patroli zao. Kiongozi wao, binti wa miaka 14, akakimbilia ubaoni na kukuta vipande viwili bado ni vyekundu. Akayataja majina hayo kwa sauti, huku wasimamizi wawili wakiingia kupapasa maji kuanzia pale jozi hiyo ilipoonekana mara ya mwisho. Wale wawili wakapatikana chooni; walitoka bila kugeuza vipande. Hakuna aliyewagombeza, ila siku hiyo hawakurudi majini, na kila mmoja alielewa sababu. Msisubiri hata kidogo mkidhani "labda wako chooni". Maji yanatafutwa kwanza, choo baadaye, au vyote kwa pamoja mkiwa na watu wa kutosha.

Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kichwa chake hulala nyuma, mdomo ukiwa usawa wa maji, na hawezi kupunga mkono. Ukimwona, mtupie dumu lenye kamba. Msiruhusu skauti yeyote kumrukia, kwa sababu mtu anayezama humng'ang'ania anayemwokoa na kumvuta chini. Ngurumo ikisikika hata kwa mbali, kila mtu atoke, na hakuna kurudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Viongozi wa patroli, Jumamosi mfanyie zoezi hili uwanjani bila maji, kwa filimbi na ubao, mpaka hesabu itimie bila kubishana. Mimi sitakuwepo, kwa makusudi. Mkiwa na swali, muulizeni yeye kwanza.