Usigeuze vipimo kwa mkono kwenye baruapepe ya Kiarabu

*"Naagiza katoni kwa msambazaji anayesoma Kiarabu. Salamu nianzeje? Pia nikiandika kipimo 60-40-30 baada ya neno la Kiarabu, kinaonekana 30-40-60. Nimeshauriwa nikiandike kinyume ili kikae sawa. Natuma oda kesho."*

Usitume! Aliyekupa ushauri huo anakupeleka kwenye hasara, na inakera kwamba ushauri wenyewe bado unasambazwa kana kwamba ni ujanja wa kazi.

Hapo ulipo, namba yako haijaharibika. Kompyuta imehifadhi 60, kisha 40, kisha 30, kama ulivyoandika. Kilichogeuka ni mwonekano tu. Tarakimu za namba moja husomeka kushoto kwenda kulia hata ndani ya Kiarabu, ndiyo maana 60 haikuwa 06. Kistari ndicho kisicho na mwelekeo wake. Kikiwa katikati ya namba zinazofuata herufi za Kiarabu, kinaufuata mwelekeo wa Kiarabu, na namba zinapangwa kuanzia kulia. Mkwaju hauna tabia hiyo: 03/04/2025 hubaki ilivyo kwa sababu mkwaju mmoja kati ya namba mbili hushikamana nazo. Ndiyo maana tarehe zako zinatulia huku vipimo vinaruka, na watu wanadhani ni kasoro ya bahati nasibu.

Sasa tazama kinachotokea ukigeuza kwa mkono. Unaandika 30-40-60, kioo kinakuonyesha 60-40-30, unaridhika. Msambazaji anainakili namba hiyo na kuibandika kwenye jedwali la oda, ambako hakuna neno la Kiarabu mbele yake. Pale inaonekana kama ilivyohifadhiwa: 30-40-60. Kiwanda kinakata katoni yenye urefu wa 30, upana wa 40 na kimo cha 60. Ujazo ni uleule, sentimita za ujazo 72,000, kwa hiyo hesabu ya nafasi ya kontena haitamshtua mtu. Mtagundua siku bidhaa zinapokataa kuingia. Na ukilalamika, baruapepe yako mwenyewe ndiyo itakayokuhukumu, kwa sababu ndani yake umeandika 30 kwanza.

Kubadilisha mwelekeo wa aya nako hakutoshi. Hata aya ikianzia kushoto, kistari kikishatanguliwa na Kiarabu kitageuza namba vilevile.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: vipimo vya oda havikai vimeunganishwa kwa kistari ndani ya sentensi ya Kiarabu. Kila kimoja kipewe mstari wake na jina lake, urefu, upana, kimo:

```
الطول: 60 سم
العرض: 40 سم
الارتفاع: 30 سم
```

Hapo hakuna kistari cha kugeuza chochote, na msomaji hahitaji kukisia namba ipi ni ya upande upi.

Kama ni lazima kipimo kikae pamoja, kwa mfano kwenye kichwa cha ujumbe, tanguliza alama isiyoonekana iitwayo LRM, namba yake U+200E. Kwenye Word ya Windows andika 200E, bonyeza Alt+X, kisha nakili alama hiyo na kuibandika mara tu kabla ya 60. Anayeandika HTML ataweka:

```
‎60-40-30
```

Alama hiyo inahesabika kama herufi ya kushoto-kwenda-kulia, kwa hiyo namba zinazoifuata zinaacha kukitii Kiarabu kilichotangulia. Ni sehemu ya maandishi, basi inasafiri nayo hadi kwa mpokeaji. Ubaya wake ni kwamba hunakiliwa pamoja na namba, na msimbo wa bidhaa wenye LRM unaweza kukosekana kwenye utafutaji ingawa kwa macho hauna dosari. Misimbo iweke kwenye jedwali lililoambatishwa, bila alama hiyo.

Nambari za simu zenye nafasi katikati zina ugonjwa uleule, na dawa ni LRM kabla ya alama ya kujumlisha.

Salamu haina mzigo mkubwa. Weka cheo na jina la kwanza, si la ukoo, kisha salamu:

```
الأستاذ خالد المحترم
السلام عليكم ورحمة الله وبركاته
```

Daktari au mhandisi mwite kwa cheo chake. Ukitaka salamu isiyo na sura ya dini, tumia تحية طيبة وبعد, kisha ingia kwenye shughuli.

Kabla ya kutuma, nakili kila kipimo peke yake, kibandike kwenye ukurasa mtupu wa Notepad. Utakachokiona pale ndicho ulichohifadhi. Kikisomeka 30-40-60, rudi ukiandike upya. Na kama oda nyingine zilishatoka zikiwa zimegeuzwa kwa mkono, mwandikie msambazaji leo hii, kabla hajaanza kukata.