Kuonja Linux: ndani ya Windows au kando yake?

— Nataka kuijaribu tu Linux, memori yangu ni GB 8. Nigawanye diski au niiweke ndani ya Windows?

— Iweke ndani, kwa VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mwingine ndani ya Windows. Ipe GB 4 za memori na diski ya GB 25. Ukiichoka unaifuta, Windows haiguswi. Ikigoma kuwaka na kutaja VT-x au AMD-V, washa hiyo iliyotajwa kwenye BIOS. Kugawanya diski kunaweza kuiamsha BitLocker, kufuli la diski la Windows, ikakudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao mafaili yako hayafunguki.

— Lakini humo ndani Linux hujikokota, atadhani ndivyo ilivyo.

— Kwa gemu, kweli. Basi achukue Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, aiwashe kutoka kwenye flashi, achague "Try Ubuntu". Akizima tu, alichobadilisha hupotea.

— Mie yangu iligoma hata kwenye flashi.