Nimepima mbegu, wanasema ni baiskeli

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, nabeba abiria kwa baiskeli hapa Malaba tangu alfajiri hadi jioni. Nimeoa miaka 3, mke wangu hajashika mimba hata mara moja. Mwezi jana nilipima mbegu Tororo, wiki 5 baada ya malaria iliyonilaza kitandani. Cheti kinasema milioni 9. Wenzangu stendi wanasema ni baiskeli na jinzi za kubana, mama anasema ni sigara (navuta kama 10 kwa siku). Kijana wa duka la dawa anataka kunichoma sindano ya homoni ya kiume. Niache kazi?*
*Mwendesha baiskeli, Malaba*

Marahaba, mwanangu. Kazi usiiache, na hiyo sindano usichomwe. Mengine nitakueleza polepole, lakini hilo la sindano haliwezi kusubiri.

Homoni ya kiume, yaani testosteroni, inatengenezwa ndani ya korodani zako kwa amri kutoka kwenye ubongo. Ukiidunga kutoka nje, ubongo unaona imejaa kwenye damu, unaacha kutoa amri, na korodani zinasimamisha kazi. Mwanamume anaweza kujisikia ana nguvu kitandani huku mbegu zake zinashuka hadi sifuri. Mtoto wa dada yangu alichomwa hizo sindano kwenye duka moja la dawa kwa miezi minne akitafuta mtoto. Alipopima, hawakuona hata mbegu moja, na ilichukua karibu mwaka mzima zikaanza kurudi. Nililia naye, kwa hiyo nakusihi kama ninavyomsihi yeye.

Sasa cheti chako. Kuna neno moja umeliandika kama la kupita tu, nami ndilo lililonisimamisha: malaria.

Mbegu haitengenezwi kwa siku moja. Inachukua kama siku 74 kukamilika ndani ya korodani, kisha karibu wiki 2 nyingine kupita kwenye mrija ambamo inakomaa na kujifunza kuogelea. Jumla ni miezi 3 hivi. Kwa hiyo ulichokitoa kwenye kikombe kule Tororo kilianza kutengenezwa kabla hujaugua. Hesabu nyuma: wiki 5 kabla ya kipimo, mbegu zile zilikuwa katikati ya safari, pale zinapojigawa, na hapo ndipo joto linapoziumiza zaidi. Korodani zinaning'inia nje ya mwili kwa sababu zinataka ubaridi, nyuzi 34 au 35 hivi, wakati mwili una 37. Homa ikikupandisha hadi 39 au 40 kwa siku tatu, hazina pa kukimbilia. Idadi inashuka wiki kadhaa baadaye, halafu inapanda tena yenyewe. Ulipima wakati mbaya kabisa.

Kwa hiyo milioni 9 zako hazitoshi kukuhukumu. Hata huo mpaka wanaouandika kwenye vyeti, milioni 16 kwa mililita moja, watu wanausoma vibaya. Shirika la Afya Duniani liliupata kwa kupima wanaume ambao wake zao walishika mimba ndani ya mwaka mmoja, na katika kila 100 wa hao, 5 walikuwa chini ya hapo. Nao ni akina baba. Kuwa chini ya 16 kunachelewesha, lakini hakufungi mlango.

Rudi upime miezi 3 kamili baada ya homa kuisha. Kama malaria itakurudia kati, meza dozi yote na uanze kuhesabu upya. Kabla ya kipimo kaa siku 2 hadi 7 bila kutoa manii: zikipungua idadi inashuka, zikizidi mbegu nyingi zinakuwa zimechoka. Tolea pale pale maabara wakikuruhusu. Kama unatoa nyumbani, usitumie sabuni, mafuta wala kondomu, na usipoteze matone ya kwanza kwa sababu ndiyo yenye mbegu nyingi. Kikombe kiwe mfukoni mwa shati, karibu na mwili, kifike ndani ya saa moja. Kukifunga kwenye keria juani ni kuziua njiani. Waombe pia waandike ujazo, maana milioni 9 kwa kila mililita ukitoa mililita 4 si sawa na ukitoa mililita 1.

Tuje kwa baiskeli. Mwaka 2014 Waingereza waliwauliza waendesha baiskeli zaidi ya 5,000, na hawakuona kwamba wanaoendesha sana wana ugumba kuliko wengine. Lakini kundi lao la juu lilikuwa la wanaopita saa 8 na nusu kwa wiki, na wewe saa hizo unazimaliza kwa siku. Ndiyo maana sisemi haikugusi kabisa. Ninachokuomba uangalie ni ganzi. Ukishuka na sehemu za siri hazina hisia, kiti kinakandamiza mishipa ya damu na ya fahamu, na hiyo inaweza kusumbua usimamaji. Inamisha pua ya kiti kidogo chini, na usipokuwa na abiria, simama kwenye pedali kila baada ya dakika chache.

Jinzi nazo zina kosa, ila dogo. Watafiti wa Harvard mwaka 2018 waliwaangalia wanaume 656: waliozoea bukta pana walikuwa na mbegu kwa asilimia 25 zaidi kwa kila mililita, lakini wengi wa waliobanwa pia walikuwa ndani ya kiwango. Vaa suruali pana kazini, ni rahisi.

Sigara ni jambo zito zaidi kuliko hayo mawili, na mama yako hakukosea. Inapunguza idadi na mwendo, na inakata nyuzi za urithi ndani ya mbegu, jambo ambalo kipimo cha kawaida hakilionyeshi. Ukiacha leo, baada ya miezi 3 hivi mbegu utakazotoa zitakuwa zimetengenezwa bila moshi.

Kuna kitu kimoja ambacho stendi hawajakitaja, na ndicho kinachoonekana mara nyingi kwa wanaume wenye mbegu chache. Baada ya kuoga maji ya uvuguvugu, simama, shika mfuko wa korodani upande wa kushoto, juu ya korodani yenyewe. Ukihisi kama fungu la minyoo laini linalojaa ukikohoa na kupotea ukilala chali, hiyo ni mishipa ya damu iliyovimba, madaktari wanaiita varikoseli. Damu ya moto inatuama hapo, na korodani zinapikwa taratibu mwaka hadi mwaka. Wapo wengi wanaozaa nayo, lakini ikiwa ipo na kipimo cha pili kiko chini, upasuaji mdogo unaweza kusaidia. Mweleze daktari pia kama uliwahi kuugua kisonono, au matubwitubwi ukiwa mkubwa, au kama korodani moja ilichelewa kushuka utotoni.

Na mke wako, mwanangu? Katika barua nzima hujasema kama amepimwa. Miaka 3 ni mingi kwake pia. Siku utakayoenda na kikombe, nendeni wote wawili, naye aulizwe habari za siku zake na aangaliwe mirija.