Elohimu wa Endori: a- au wa-?

"Kama Elohimu, neno la Kiebrania la Mungu, ni wingi, kwa nini tunatafsiri 'Mungu aliumba'? Na 1 Samweli 28:13 je?"

Ndugu yangu, tazama kitenzi kwanza. Mwanzo 1:1 ina "bara", umoja, kwa hiyo "aliumba" halina shaka. Kazi iko Endori, kwenye hiyo 1 Samweli 28, ambako Mfalme Sauli amemwendea mwanamke mwenye kupandisha wafu. Mwanamke huyo anasema ameona elohimu "olim", wanaopanda, wingi kabisa. Ila Sauli anauliza umbo "lake", naye mwanamke anajibu kwamba mzee "oleh", anapanda: umoja. Kwa Kiswahili hukwepi, kiambishi kinakulazimisha kuchagua. Mimi ningeandika "naona kiumbe wa kimungu akipanda", maana aya ya 14 inamtaja mmoja tu, kisha niweke tanbihi kuhusu ule wingi. Ukiandika "miungu wakipanda", msomaji atashangaa hilo "lake" ni la nani.